Karatasi ya Waranti ya Dada Atu

Pale Tunduma, mtaa wa nyuma ya barabara kuu, ukishapita wauza mitumba na kabla hujafika gereji za malori, lipo duka la vifaa vya sola na umeme. Mwenye duka ni Ferdinand, ambaye watu humwita Baba Faith. Lakini ukiwauliza wateja, watakuambia ni duka la dada Atu, kwa sababu sura wanayoikuta kaunta ni ya Atuganile, shemeji yake.

Atuganile hakuja Tunduma kuuza dukani. Alitoka kwao Ihanda kuja kumuuguza dada yake, mke wa Ferdinand. Dada akafariki, wakabaki watoto wadogo, na wakubwa wa pande zote mbili wakasema basi, Atu abaki kwanza mpaka watoto wachangamke. Ile "kwanza" ikawa ndefu. Faith na wadogo zake wakakua wanamwita mama mdogo. Asubuhi anawatengenezea chai, mchana yuko kaunta, jioni anarudi kwenye chumba chake cha uani, kwenye nyumba ileile ya shemeji. Kwao Ihanda kaka yake Lusajo alikuwa akimwambia kila mara, "Chumba cha mama kipo, dada. Siku ukichoka, njoo." Yeye humjibu kwamba hajachoka. Lakini kile chumba alikuwa anakifikiria karibu kila siku, hasa siku ambazo mteja alirudi na kitu kibovu.

Maana ukutani mwa duka, juu ya kichwa chake, kulikuwa na ubao mwekundu: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Chini ya ubao ule, pembeni ya kaunta, kulikuwa na kibao cha kujaribia: soketi, balbu na nyaya mbili za betri. Desturi ya duka ilikuwa hivi. Mteja akishachagua kitu, Atuganile anakichomeka kwenye kibao. Kikiwaka, anamuuliza mteja, "Umekubali?" Mteja anajibu kwa sauti, "Nimekubali." Na Atuganile anaandika kwenye risiti, kimejaribiwa, kimewaka. Hapo kila mtu, muuzaji na mnunuzi, aliamini kwamba mambo yamekwisha. Mtu akirudi baada ya wiki na redio iliyokufa, hata ugomvi hauwi mkubwa. Anaulizwa, "Si ulikubali mwenyewe?" Naye anainamisha kichwa kama aliyekamatwa na kosa.

Aliyekuja kulivuruga hilo ni Tabita, mama mmoja wa Chitete anayeuza soda na maziwa mgando. Alikuwa amenunua betri ya sola kwa ajili ya friji lake dogo. Siku alipoinunua iliwaka vizuri, akakubali kwa sauti ya kwaya. Baada ya muda si mrefu ikawa inajaa mchana kutwa, na jua likizama haimalizi hata habari za saa mbili. Akaifunga kwa kanga, akapakia kwenye gari la mizigo, akaja nayo kwa ile barabara ya mashimo mpaka Tunduma.

Atuganile akaigusa ubavuni, akaona imevimba. Alijua. Miaka yote ile kaunta ilikuwa imemfundisha kujua. Lakini Ferdinand alikuwa amekaa nyuma ya pazia la stoo, na ubao mwekundu ulikuwa juu ya kichwa chake yeye Atuganile, kwa hiyo akasema yale anayotakiwa kusema, kwamba ilijaribiwa, ikawaka, mama ukakubali.

Tabita hakupiga kelele. Alifunga tena betri yake kwenye kanga, taratibu, akasema:

"Dada Atu, mimi nilikubali kwamba inawaka. Sikukubali kwamba itakufa."

Akatoka. Maneno yale yakabaki dukani kama harufu ya sabuni ya kuogea ya mtu aliyekwisha kuondoka. Usiku Atuganile alipokuwa akisonga ugali, Faith alimuuliza mara mbili kama anaumwa.

Haukupita mwezi, wafanyabiashara wa mtaa ule wakaitwa kwenye semina kwenye ukumbi wa kanisa. Maofisa wa kumlinda mlaji walikuwa wamekuja. Ferdinand akaenda na Atuganile, ili yeye asikilize na Atu aandike. Ofisa mmoja mwembamba akaeleza kwamba ubao wa mali ikishauzwa hairudishwi haumfutii mnunuzi haki yake pale kitu kinapokuwa na ubovu wake chenyewe. Mtu akinunua betri, sheria inahesabu kwamba ameuziwa kitu kinachofaa kwa kazi ya betri. Kubandika maneno ya kumfanya aamini hana haki ni kumpotosha, na kunaweza kumletea mwenye duka matatizo. Halafu, kwa haki, akaugeukia upande wa pili: mnunuzi naye hana haki ya kurudisha kitu kizima kwa sababu tu amebadili mawazo, wala kitu alichokiharibu mwenyewe. Akawashauri kila mmoja aandike utaratibu wake, aubandike mahali unaposomeka, na mteja aujue kabla hajalipa.

Waliporudi dukani Ferdinand alipanda kwenye kigoda, akaushusha ubao mwekundu, akauegemeza nyuma ya mlango wa stoo. Hakuutupa.

"Shemeji," akasema, "andika utaratibu mpya. Ila usibadilishe kitu."

Atuganile akadhani ni utani, akacheka. Ferdinand hakucheka. Akamtolea kipande cha kartoni la televisheni chenye maneno ya kiwanda, akamwambia aige pale: duka halitawajibika kwa hasara yoyote itokanayo na matumizi ya moja kwa moja au yasiyo ya moja kwa moja, vigezo na masharti kuzingatiwa. Atuganile akamuuliza mteja ataelewa nini hapo. Ferdinand akasema mteja hatakiwi kuelewa, anatakiwa kuogopa kidogo. Hiyo ndiyo kazi ya maneno makubwa.

Basi mwoneni dada wa watu. Amepewa kalamu ya kufungua mlango, na ameambiwa mlango ubaki umefungwa.

Akaandika kama alivyoambiwa, akabandika. Kesho yake akaja mama mmoja wa ng'ambo ya mpaka, wa Nakonde, mteja wao wa siku nyingi ambaye Atuganile humwita mayo, yaani mama kwa lugha ya kwao, akasalimia "Mwapoleni mukwai," akaikodolea macho ile karatasi. Akamuuliza Atuganile inasema nini. Atuganile akamsomea mpaka mwisho. Akagundua kwamba maneno aliyoyaandika kwa mkono wake hawezi kuyaeleza. Yule mama akaondoka bila kununua, akisema kwamba mahali ambapo hata mwenyewe hajui kilichoandikwa, yeye anapita tu. Ferdinand alikuwa anasikiliza nyuma ya pazia, na mteja kuondoka mikono mitupu lilikuwa jambo analolielewa haraka kuliko semina.

Jioni ile, mezani, akasema kwa mara ya kwanza kilichokuwa kinamkaba. Wale wa jumla wanaomletea mzigo kutoka Dar nao wanatoa waranti, lakini wanaanza kuhesabu siku ile wanapopakia kwenye lori. Betri ikikaa kwenye shelfu yake miezi minane, mteja anahesabu mwaka wake tangu aliponunua, wakati huko juu mwaka umebakiza miezi minne.

"Mimi nikimpa Tabita betri mpya," akasema, "nani atanipa mimi? Unaniona niko nyuma ya pazia, unadhani nimejificha. Nimebanwa, shemeji."

Atuganile hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu mwingine ndani ya nyumba ile anayejiona amebanwa. Akamwambia basi tuanzie hapo. Kilichotangulia kuingia kitangulie kuuzwa. Wale wa jumla tuwapigie, tuwaombe wahesabu tangu tarehe ya risiti yetu. Watakaokataa, bidhaa zao tuziwekee waranti fupi na tuseme hivyo kabla mteja hajatoa hela, ajue anachonunua. Ila kitu kikiwa kimetoka kibovu, hilo si la waranti yetu kuwa fupi au ndefu, hapo bado ana haki yake. Na mteja asiambiwe habari za lori la Dar. Mteja amenunua kwetu.

Wakapiga simu kesho yake. Mmoja alikubali, mwingine alikata simu. Ferdinand akazihamisha betri mwenyewe, za zamani mbele, mpya nyuma, akihema. Halafu akasema haya, andika unavyotaka. Lakini akaonyesha kidole nyuma ya mlango wa stoo.

"Siku nitakapoona karatasi yako inampa huyu na kumnyima huyu, ule ubao unapanda. Na haushuki tena."

Atuganile alielewa maana yake. Ubao ukipanda, yeye atarudi chini yake, na mdomo wake utarudi kuwa wa ubao. Chumba cha mama Ihanda kilikuwa mbali, na Faith alikuwa bado hajamaliza shule.

Akaandika polepole. Alichofanya ni kwamba kila sentensi akishaiandika, aliisomea mtu, halafu hakumuuliza kama ameelewa, maana watu husema ndiyo kwa adabu. Alimwambia, "Haya, na wewe nieleze mimi. Ukifikwa na hili utafanya nini?" Hapo ndipo mambo yalipojionyesha. Alipoandika "waranti ya mwaka mmoja," fundi wa gereji akamweleza kwamba basi ndani ya mwaka hata ukikikanyaga na lori unapewa kingine. Alipoandika "hitilafu ya kiwandani," akampigia kaka yake Lusajo, ambaye ana kibanda cha kinyozi cha umeme wa sola pale Ihanda na ambaye inveta yake ya kugeuza umeme wa betri ilitoka dukani humo. Lusajo akasema hapo ameelewa kwamba lazima kiwanda kije kuangalia. Kwani kiwanda kitapita Ihanda lini? Wakacheka.

Akamuuliza je, amwambieje mtu asiguse vitu vya ndani. Lusajo akafikiri, huku mashine ya kunyolea ikinguruma nyuma yake, akasema:

"Andika hivi: ukikifungua mwenyewe, au ukampa mtu akakifungua, sisi hatujui tena nani alikiharibu. Mtu mzima ataelewa, hutakuwa umemtukana."

Atuganile akaiandika vilevile, neno kwa neno. Ikawa sentensi nzuri kuliko zake zote.

Karatasi ilipokamilika ilisomeka hivi, na bado inasomeka hivyo:

Tunakiwasha dukani ili uone kinawaka leo. Kusema umekubali hakufuti waranti yako wala haki yako.

Kikiharibika chenyewe ndani ya muda ulioandikwa kwenye risiti, kilete. Muda unahesabiwa tangu siku uliyonunua wewe. Tutakiangalia mbele yako. Kikiwa na ubovu wake tutakitengeneza bila malipo. Kisipotengenezeka tutakupa kingine. Tusipokuwa nacho tutakurudishia pesa yako.

Waranti haihusu kilichoanguka, kilicholowa maji, au kilichoungwa na mzigo wa umeme mkubwa kuliko uwezo wake. Ukikifungua mwenyewe, au ukampa mtu akakifungua, sisi hatujui tena nani alikiharibu.

Kitu ni kizima lakini umebadili mawazo: hiyo si haki, ni hisani. Ndani ya wiki moja, kartoni likiwa halijafunguliwa, tutakubadilishia.

Njoo na risiti. Ikipotea, njoo na kifaa, tutatafuta namba yake kwenye kumbukumbu zetu. Ukivuka nacho mpaka, waranti yako ipo, ila sisi tunakiangalia hapa dukani tu.

Hakuna neno la kuogopesha hata moja. Ferdinand aliisoma akiwa amekunja uso, akatafuta vigezo na masharti hakuviona, akaigonga muhuri wa duka pembeni kana kwamba anamchanja mtoto.

Tabita akapigiwa simu. Akaja na betri yake kwenye kanga ileile. Fundi Clever, yule anayefunga sola za duka, akaijaza, akaiunga na taa, wakakaa wote kuingoja. Ikalegea mapema mno. Akaonyesha ule uvimbe, akasema haina dalili ya kuanguka wala kupigwa shoti, imekufa yenyewe ndani. Ferdinand akaenda stoo kwa miguu mizito, akarudi na mpya. Atuganile akaichomeka kwenye kibao, ikawaka, akauliza kwa mazoea, "Umekubali?"

"Nimekubali kwamba inawaka," Tabita akajibu, na safari hii wakacheka hadi Ferdinand.

Kwa wiki kadhaa Atuganile alitembea kama mtu aliyevua viatu vinavyobana. Wateja walisoma, wengine walisomewa. Waliokataliwa walinung'unika, lakini walikuwa wanajua walichokataliwa. Tabita akawa anapita kila akija kuchukua soda za jumla, anakaa kwenye stuli anapumzika.

Siku moja ya gulio, duka limejaa, Tabita yupo kwenye stuli yake, akaingia Lusajo. Amebeba inveta kifuani kama mtoto mchanga. Atuganile akafurahi kumwona kaka yake, na furaha ile haikudumu hata kufika kaunta, kwa sababu harufu iliwahi. Harufu ya waya ulioungua.

Lusajo akaeleza kwa sauti ya mtu aliye kwao. Imezimika tu, dada. Muda wake bado. Risiti hii hapa. Kibanda kimefungwa tangu juzi, wateja wanakwenda kunyoa kwa jirani. Atuganile akaigeuza. Stika ya pembeni ilikuwa imechanika, na skrubu mbili hazikuwepo. Akamuuliza kwa sauti ya chini nani ameifungua. Lusajo akaangalia pembeni, akasema kuna kijana alikuwa na kazi ya kuchomelea geti hapo karibu, akaomba aunge mashine yake mara moja tu. Ilipozima, huyohuyo ndiye aliyeifungua kuangalia.

Kila mmoja dukani alijua hawa ni ndugu, maana wamefanana hata pua.

Pazia la stoo likafunguka. Ferdinand akatoka, anatabasamu, tena tabasamu la upole ambalo Atuganile hakuwa amelizoea. Akamshika Lusajo bega.

"Mpe kingine, shemeji," akasema. "Si ndugu yetu huyu? Mpe tu."

Lusajo akashusha pumzi, akasema asante sana shemeji. Lakini Atuganile hakumtazama Lusajo. Alitazama mlango wa stoo, ambao Ferdinand alikuwa ameuacha wazi, na nyuma yake ubao mwekundu ulionekana mpaka herufi ya tatu. Akamtazama Tabita kwenye stuli. Kisha wale wawili waliokataliwa na kunung'unika wiki iliyopita, nao walikuwepo, wamekuja kununua nyaya. Akaelewa kwamba shemeji yake hajafungua mkono. Amefungua mtego, na chambo ni ndugu yake wa tumbo moja. Akimpa, karatasi inakufa leo, mbele ya watu, na aliyeiua ni yeye. Akimnyima, kile chumba cha mama, mahali pekee duniani alipokuwa akikimbilia kwa mawazo, hajui kitakuwa cha nani.

Mikono yake ilikuwa juu ya inveta. Ilikuwa bado ina uvuguvugu wa kifua cha Lusajo.

"Kaka," akasema, "nisomee mstari ule, ule wa kufungua."

Lusajo akainua macho ukutani. Akaanza kusoma kwa sauti, kwa haraka, halafu taratibu, halafu akafika kwenye "hatujui tena nani" akasimama, kwa sababu aliyatambua maneno yake.

"Haya ni ya kwangu," akasema.

"Ni ya kwako. Ulisema mtu mzima ataelewa."

Atuganile akamweleza, kama anavyomweleza mteja yeyote, kwamba Fundi Clever anaweza kuitazama kama inatengenezeka, lakini itakuwa kwa malipo, na kwamba inveta ile kwa uwezo wake haikufanywa kwa mashine ya kuchomelea. Lusajo akaichukua inveta yake.

"Basi dada," akasema, "nimekuelewa." Akatoka bila kuaga, naye ni mtu ambaye huaga hata mbuzi.

Tabasamu lilikuwa limemshuka Ferdinand. Akaingia stoo, ikasikika kelele ya mbao, na alipotoka alikuwa amebeba ubao mwekundu. Atuganile akadhani sasa unapanda. Lakini Ferdinand akapita nao katikati ya watu mpaka uani, akaulaza chini, akaanza kupanga betri juu yake ili zisikae kwenye sakafu ya baridi. Aliporudi alijifuta vumbi, akawaambia wateja, kwa fahari ya kweli kabisa:

"Mmeona wenyewe. Hapa hata ndugu hapendelewi. Huyu shemeji yangu haondoki hapa mpaka mimi nizeeke. Akiondoka, karatasi hii nani ataisimamia?"

Watu wakaitikia, ni kweli, ni kweli. Tabita peke yake hakuitikia. Alikuwa anamtazama Atuganile usoni.

Ilikuwa sifa, na Atuganile aliisikia kama sifa. Aliisikia pia kama komeo linavyoteleza na kukaa mahali pake. Karatasi ilikuwa yake sasa, haitoki ukutani, na yeye hatoki chini yake. Simu ya Lusajo aliipiga jioni ile, ikaita mpaka ikakata. Kesho yake vilevile.

Lakini hapo, siku ile, kabla jioni haijafika, yule mama wa Nakonde alikuwa amesimama kaunta na taa ya sola mkononi. Akaelekeza kidole ukutani, akaomba asomewe tena kabla hajalipa. Atuganile akageuka, akaanza juu kabisa. Tunakiwasha dukani ili uone kinawaka leo. Alipofika kwenye mstari wa kaka yake akausoma polepole kidogo kuliko mingine, halafu akamgeukia yule mama.

"Haya, mayo," akasema, "na wewe nieleze mimi."